Zaidi ya "nzuri" na "nina hasira": mwongozo wa kujifunza maneno ya hisia ukubwani

Nyumbani kwetu Tabora tulikuwa na majibu mawili. Ukiulizwa habari, nzuri. Ukikosewa, umekasirika. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na mambo tele, ila hayakuwa na majina. Baba alifanya kazi relini. Akirudi amekunja uso, mama alipeleka maji ya kuoga na sisi tulihama sebuleni bila kuambiwa. Mtoto wa kiume akilia aliambiwa ajikaze kisabuni, wa kike aliulizwa nani amekufa. Sisemi tulilelewa vibaya. Tulikula, tulisoma, na tulipougua tulipelekwa hospitali. Lakini nilifika miaka 41 bila kuweza kumjibu mke wangu swali jepesi: "Baba watoto, una nini leo?" Jibu langu lilikuwa "sina kitu", nami sikuwa namdanganya. Nilikuwa nikichungulia ndani sioni kitu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Unahitaji kidaftari kidogo cha kutia mfukoni, kalamu, na miezi miwili hivi. Hauhitaji mtu wa kuzungumza naye mpaka hatua ya tano, na kwa kweli ni afadhali usimwambie mtu mapema. Atakuuliza kila jioni umefika wapi, nawe utarudi kwenye "nzuri".

Kabla ya kuanza: tatizo si lugha

Nimesikia watu wakisema Kiswahili hakina maneno ya hisia na ndiyo maana wasomi huyatafuta kwenye Kiingereza. Si kweli. Hasira peke yake ina ndugu wengi: hamaki, ghadhabu, kinyongo, uchungu, karaha. Aibu ina haya, soni, fedheha. Maneno tunayo. Tunachokosa ni mazoea ya kuyatumia kwa nafsi ya kwanza. Sote tunajua kusema "yule ana kijicho", lakini ni wachache waliowahi kusema "mimi nina kijicho".

Salamu nazo zina mchango wake. Itazame "hujambo". Ni kukanusha: huna jambo? Nawe unajibu sijambo, yaani sina jambo. Tangu tunajifunza kusema, jibu la adabu ni kukana kwamba kuna jambo. Hata msibani mtu hujibu "nzuri" kwanza, kisha ndipo aseme "ila tumefiwa". Adabu hiyo sina ugomvi nayo, na hapa hutaambiwa umjibu kondakta wa daladala kwamba una huzuni. Ninachotaka uone ni kile kituo kidogo baada ya salamu, pale panaposemwa "ila". Wazee wetu walipaacha wazi makusudi. Sisi tulifundishwa nusu ya kwanza tu ya salamu.

Daktari wa akili Peter Sifneos, katika miaka ya 1970 huko Marekani, aliipa jina la kitaalamu hali ya mtu kukosa maneno ya kueleza anachohisi. Alikuwa amewaona wagonjwa waliokuja na maumivu ya mwili, lakini wakiulizwa habari za moyo wanaishia kusimulia matukio: nilienda, nikarudi, akaniambia. Usijipachike ugonjwa. Naitaja kwa sababu ya ile dalili ya kusimulia matukio, maana utaikuta kwenye daftari lako wiki ya kwanza.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kunasa maneno yako ya zamani

Wiki hii usijifunze neno lolote jipya. Kila unapojikuta umesema au umewaza mojawapo ya maneno yako ya kawaida, liandike lilivyo. Kwangu yalikuwa "poa", "kawaida", "nimechoka" na "amenikera". Rafiki yangu wa Nairobi ana "niko sawa" na "ni kusukuma tu". Mbele ya neno andika saa na kilichokuwa kinatokea, mstari mmoja. Mistari mitatu kwa siku inatosha.

Usiandike sababu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiandika "nimechoka kwa sababu bosi hana akili" umeshafunga mlango. Andika "nimechoka, saa nne asubuhi, natoka kikaoni" na uache hapo.

Baada ya siku saba soma yote kwa mkupuo. Utaona mambo ambayo hayaingii akilini. Mimi niliona nimeandika "nimechoka" mara tisa, na mara sita kati ya hizo ilikuwa asubuhi, nimelala vizuri na sijabeba hata ndoo. Mwili haukuwa umechoka, kwa hiyo lile neno lilikuwa limesimama badala ya jambo lingine.

Hili halikuanza kwetu. Mtafiti Robert Levy, aliyekaa na watu wa Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, katika miaka ya 1960 na kuchapisha kazi yake mwaka 1973, aliona kwamba watu waliopatwa na yale ambayo yeye angeyaita huzuni, kwa mfano kuachwa na mpenzi, walieleza kuwa wanaumwa au wamechoka. Huzuni ilikuwa imevaa nguo za ugonjwa. Nikisoma daftari langu najiona mimi.

Hatua ya pili: uliza mwili unataka kufanya nini

Wiki ya pili ongeza kitu kimoja kwenye kila mstari: mwili. Kiswahili kinakusaidia sana hapa, kwa sababu hisia zetu nyingi tumeziweka viungoni tangu zamani. Kuna roho kudunda, tumbo joto, kijasho chembamba, moyo mzito, uso kushuka, koo kukauka, nywele kusimama, damu kuchemka. Ukikosa jina la hisia, hukosi la kiungo. Andika lile linalokuja.

Mahali peke yake hapatoshi, kwa sababu moyo unaweza kwenda mbio kwa woga na kwa furaha pia. Swali linalotenganisha ni hili: mwili unataka kufanya nini? Hasira husogeza mtu mbele. Mkono unataka kushika, sauti inataka kupanda. Woga unarudisha nyuma au kugandisha. Aibu inataka kujificha, macho yanatafuta sakafu, ungependa wasikuone. Huzuni inataka kujilaza na kuachwa. Wivu unakufanya uchungulie, unarudi tena na tena kutazama kile cha mwenzako hata kama kukitazama kunakuumiza. Kinyaa kinataka kutema.

Nilidhani swali hili ni la kitoto mpaka siku niliyogundua kwamba kelele zangu nyingi nyumbani zilianza na mwili uliotaka kujificha. Nilikuwa napiga kelele ili watu waondoke wasinione. Kwa nje ni hasira kabisa, na mtu yeyote angeapa ni hasira.

Kuna siku utauliza na mwili utajibu kimya. Andika "ganzi", nalo ni jibu halali. Waliokulia kwenye nyumba za kujikaza hupata ganzi pale hasa jambo linapokuwa zito, kwa hiyo usiipite mbio. Weka alama pembeni urudi kesho yake, maana mara nyingi hisia hufika ikiwa imechelewa kwa nusu siku au hata siku nzima.

Hatua ya tatu: maneno matatu kwa wiki, kwa ukoo

Sasa maneno. Kosa kubwa ni kuchukua orodha ya maneno sitini na kuibandika ukutani. Nilifanya hivyo. Nilijua sitini na sikutumia hata moja. Chukua ukoo mmoja kwa wiki, maneno matatu au manne, na uwe na swali la kuyatenganisha.

Anza na hasira, kwa kuwa ndiyo unayoijua. Hamaki ni ile inayolipuka ghafla na kuzimika. Umetukanwa na dereva barabarani, dakika tano baadaye umesahau. Kinyongo ni ile uliyoihifadhi. Hakuna kelele, lakini ukisikia jina lake mtu huyo, kitu kinakaza. Karaha ni ya mambo madogo yanayojirudia, kama spika ya jirani au bomba linalovuja, na haina adui. Uchungu ni mwingine kabisa. Neno hili ndilo la ladha ya shubiri, ndilo la mama anayejifungua, na ndilo la aliyeumizwa na mtu anayempenda. Swali la kutenganisha ni: je, huyu aliyenikasirisha nampenda au namtegemea? Ukijibu ndiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni uchungu. Mtu baki hakutii uchungu, anakukera tu.

Ukoo wa pili uwe wa aibu, kwa sababu ndio uliojificha zaidi. Haya ni sifa njema, ndiyo inayokufanya usiongee ovyo mbele ya wakwe. Fedheha inahitaji watazamaji: umeaibishwa hadharani. Soni ni aibu ya ndani, inayoweza kukupata ukiwa peke yako chumbani bila mtu kukusema. Swali lake ni: nani alikuwepo? Kama hakuna aliyekucheka na bado unataka kujificha, ni soni.

Wa tatu ni hofu. Hofu ina kitu mbele yake, unaweza kukionyesha kwa kidole. Wasiwasi haukionyeshi, unazungukazunguka. Na kimuhemuhe ni ile roho juu ya kusubiri jambo unalolitaka, kama matokeo ya mtihani au mgeni wa mbali. Watu wengi niliowaona wakisema wana presha kumbe wana kimuhemuhe. Tofauti ni kubwa, maana mwenye kimuhemuhe hataki jambo liondoke, anataka lifike.

Wa nne ni huzuni, na huo utaujaza mwenyewe. Mimi niliweka upweke, kuvunjika moyo na majuto. Niliacha simanzi na jitimai kando. Ni maneno mazuri ya mashairi, lakini neno usiloweza kulitamka jikoni halitakusaidia jikoni.

Ukishachagua neno, litamke kwa sauti, hata ukiwa bafuni. Neno likiwa ndilo, mara nyingi mwili hushusha pumzi, au mabega hulegea kidogo, au machozi husogea. Likiwa silo, hakuna kinachotokea na unatamani kuendelea kubishana. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Kalifonia walipiga picha ubongo wa watu waliokuwa wakitazama nyuso zenye hasira au woga. Walipopewa kazi ya kuichagulia sura jina la hisia yake, sehemu ya ubongo inayoshtuka kwenye hatari ilipungua kushtuka. Lakini usitegemee miujiza. Jina linapunguza moto wa jiko, halipiki chakula.

Hatua ya nne: mpe hisia kitenzi chake

Hatua hii sijaona ikifundishwa popote, nami naiona ndiyo yenye faida zaidi kwetu. Waliotafsiri vitabu vya ushauri hutuambia tuanze kila sentensi kwa "ninajisikia". Ninajisikia hasira, ninajisikia aibu. Masikio yanakataa, na mtu akishasikia anaongea kama kitabu, ananyamaza. Kiswahili kina vitenzi vyake, na kila kimoja kinaeleza hisia hiyo inamjiaje mtu.

Hasira hupanda. Nimepandwa na hasira, maana yake ilikuwa chini ikakwea, nami nilikuwa na muda wa kuiona ikikwea. Hofu na wasiwasi huingia. Nimeingiwa na wasiwasi, kana kwamba kuna mlango niliuacha wazi. Aibu, wivu, uchungu, huruma na fahari tunaviona: naona aibu, naona wivu, naona uchungu. Moyo huvunjika, na anayeuvunja kwa kawaida yupo. Tamaa hukatwa, na anayeikata ni mimi. Na kinyongo? Kinyongo huwekwa. Hakuna asemaye kinyongo kimempanda. Lugha yenyewe inakwambia nani amekiweka na nani anaweza kukitoa.

Zoezi la wiki hii: chukua mistari mitano ya daftari na uiandike upya kwa kitenzi chake. "Nimechoka, natoka kikaoni" ikawa kwangu "nimevunjika moyo kikaoni". Mara nikajiuliza, nani kauvunja? Nikakumbuka pendekezo langu ambalo lilirukwa kana kwamba sikulisema. "Nimechoka" isingenifikisha hapo hata kwa mwaka.

Tazama wakati pia. "Nimekasirika" ni hali iliyokuja na itaondoka. "Mimi ni mtu wa hasira" ni hukumu ya maisha. Waliolelewa kwa kunyamaza huruka moja kwa moja kwenye ya pili, kwa sababu ndivyo walivyoelezwa utotoni: huyu ana kisirani, huyu mnunaji, huyu mwoga. Ukijikuta unaandika "mimi ni", futa, anza na "nime-".

Mfano mzima: ugali uliopoa

Mwaka jana, mwezi wa Machi, mkataba wangu wa kazi uliisha na haukuongezwa. Mwezi wa Juni, siku ya Jumapili, mdogo wangu aliweka picha kwenye kundi la familia: tangi la maji la lita 2,000 limesimama nyumbani kwa mama, fundi anafunga bomba. Hongera zikamiminika. Mimi ni mtoto wa kwanza. Niliandika "safi sana" na kidole gumba. Saa mbili usiku nilipiga kelele kwa sababu ugali ulikuwa umepoa. Mtoto akaacha kula.

Usiku huo niliandika: "Hasira. Ugali umepoa." Asubuhi nikaufanyia kazi mstari huo.

Swali la mwili kwanza. Kabla ya kelele mwili ulitaka nini? Nikirudi nyuma, tangu saa tisa alasiri uso ulikuwa wa moto, nilikuwa nimekaa chumbani mlango umerudishwa, simu nimeigeuza kifudifudi. Hasira haijifungii chumbani. Mwili ulitaka kujificha.

Neno la kwanza lililonijia lilikuwa wivu, na nililikubali haraka mno kwa sababu lilikuwa na adhabu ndani yake. Lakini nililijaribu. Kama tangi lile lingepasuka kesho, ningefurahi? Hapana, ningeumia, mama anachota maji mbali. Kwa hiyo haikuwa kijicho wala husuda, maana vyote viwili humtakia mwenzako apoteze. Kama ningechangia nusu ya bei, ingeniuma? Hapana. Basi haikuwa habari ya alichonacho mdogo wangu. Ilikuwa habari ya nafasi yangu. Nani alikuwepo, kuna aliyenicheka? Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Basi si fedheha. Nikatamka peke yangu: naona soni. Mabega yakashuka.

Nikafikiri nimemaliza, lakini kulikuwa na kitu nyuma yake. Chini ya soni kulikuwa na hofu, na ilikuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole: kwamba safari ijayo mama akitaka kuuza ng'ombe au kugawa shamba, atampigia mdogo wangu kwanza. Hilo sikuwahi kuliwaza kwa maneno. Hisia nzito mara nyingi ni mbili, na ya pili husubiri ya kwanza iitwe. Usitafute ya tatu, utakesha.

Hatua ya tano: kulisema

Baada ya wiki saba hivi, sema sentensi moja kwa mtu mmoja. Chagua jambo dogo, lililopita, ambalo halimhusu yeye kama mkosaji. Usianze na kinyongo cha miaka kumi.

Sentensi iwe na vitu vitatu tu: lilipotokea, hisia na kitenzi chake, kisha unachokitaka au usichokitaka. Cha tatu ndicho kinachosahaulika, na bila hicho msikilizaji wetu atafanya alichofundishwa. Atasema "pole" na kubadili mada, au atakwambia upige moyo konde, au ataanza kukutafutia kazi. Mwambie mapema: "Sitaki ushauri, nisikilize tu."

Mimi nilimwambia mke wangu kesho yake, watoto wameshalala. "Mama watoto, kelele za jana hazikuwa za ugali. Niliona soni. Lile tangi nilitaka niliweke mimi. Sitaki tufanye lolote, nilitaka ujue tu." Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Nilijua si ugali. Ila nilidhani umenichoka mimi." Miezi mitatu alikuwa akidhani hivyo. Ningeacha nafasi hiyo ijazwe na mawazo yake kwa miaka.

Kwa mkubwa wako taratibu ni nyingine. Humkalishi baba yako ukamwambia aliuvunja moyo wako. Omba nafasi kwanza: "Baba, nina neno, ukinipa ruhusa." Kisha sema hisia bila kumtaja kama chanzo: "Tangu ile siku moyo wangu umekuwa mzito." Mzee mwenye akili ataelewa, na asiyetaka kuelewa hutamlazimisha kwa maneno makali. Wengine hupitia kwa shangazi au mjomba, na huo si woga, ni njia yetu ya zamani na inafanya kazi. Kwa mama mimi hutumia kile kituo cha salamu. Ananiuliza hujambo, najibu sijambo mama, ila kuna jambo. Yeye husogeza kiti.

Mahali wengi wanapokwama

Kosa la kwanza ni shutuma iliyojivika jina la hisia. "Nahisi umenidharau." Hiyo si hisia, ni habari za mtu mwingine. Jaribio lake ni rahisi. Ondoa "nahisi" uone kama sentensi inabaki na maana. "Umenidharau" inasimama yenyewe, kwa hiyo ni shutuma. Hisia iliyo chini yake labda ni uchungu, na "naona uchungu" haina mtu wa kubishana nayo.

La pili ni kuangukia neno moja jipya. Niliyemfundisha njia hii, jamaa yangu wa kijiweni, aliacha hasira akahamia huzuni. Kila kitu kikawa huzuni, hata gari kuharibika. Ukiona neno moja linatokea zaidi ya nusu ya mistari yako ya wiki, limekuwa "nzuri" jipya. Lipumzishe wiki moja, ujilazimishe kutafuta jingine.

La tatu ni kutumia jina kama kibali. Kusema "nilipandwa na hasira" hakufuti kofi. Inaeleza kilichotokea kabla ya kofi, basi. Deni la kuomba radhi linabaki palepale.

Na kuna mpaka. Kama kwa wiki mbili mfululizo karibu kila siku hupati usingizi au unalala kupita kiasi, chakula hakina ladha, hakuna kinachokufurahisha, au wazo la kufa linakutembelea, hapo usitafute neno sahihi kwenye daftari. Nenda kituo cha afya. Usiseme "nina mawazo" ukanyamaza, kwa sababu daktari mwenye foleni atakuandikia dawa ya kichwa. Mpe vitu vinavyohesabika: "Wiki mbili sasa naamka saa nane usiku nisirudi kulala, na nimewaza kufa mara kadhaa." Kama wazo hilo lina mpango au siku, usingoje wiki mbili wala zamu ya foleni. Mwambie aliye karibu akupeleke hospitali leo, na usibaki peke yako.

Hatua ya sita: ifungue "nzuri" nayo

Nimeiacha mwisho kwa sababu hakuna anayekuja kwenye mwongozo huu kutafuta majina ya furaha. Lakini "nzuri" ilikuwa imefunika mambo mema pia. Wiki ya nane, au utakapofika, nasa nyakati njema kama ulivyonasa hasira. Kuna faraja, ambayo huja baada ya maumivu na kwa kawaida huletwa na mtu. Kuna ahueni, mzigo umepungua ingawa haujaisha. Kuna kuridhika, ambako hakuna kelele wala picha. Kuna fahari, ambayo tulifundishwa kuiita majivuno ili tuinyamazishe.

Swali la mwili linafanya kazi hapa vilevile. Ahueni inataka kukaa chini na kushusha pumzi. Fahari inataka kumwita mtu aje aone. Septemba nilienda kwa mama, nikafungua bomba la lile tangi, nikanawa uso. Jioni niliandika: "Saa kumi, bombani. Nimeona fahari, ya mdogo wangu. Nilitaka kumpigia." Nikampigia.